Msaada wakuu: nimehamia WPA3, lakini kijana wa jirani anasema nenosiri langu atalipata tu

Mti_Mkavu: Wakuu, habari za jioni. Usiku wa pili huu sipati usingizi. Kijana wa jirani anayejifunza mambo ya mitandao amenitamkia kwamba amerekodi waifai yangu akiwa kwao, na akiamua atapata nenosiri. Mimi nimeshanunua rauta mpya, natumia WPA3. Nimesoma kwamba WPA3 haivunjwi kwa kubahatisha nenosiri ukiwa pembeni na faili lako. Anaweza kweli, au ananitisha?

Ngoma_Droo: Mkuu, mpe nenosiri yaishe, ulale.

Shangazi_Zuhura: Mwanangu, hapo hakuna cha WPA. Nenda kwa wazazi wake leo hii, ukae nao uzungumze. Mtoto anayesikiliza mlango wa jirani kesho ataufungua.

Kobe_Mpole: Tulia mkuu. WPA3 hairushi handisheki hewani, yaani zile salamu za simu na rauta zinapounganika, kwa hiyo hana alichorekodi.

Fundi_Antena: Kobe, matokeo umeyapata ila sababu siyo hiyo. Handisheki inaruka hewani vilevile na anaweza kuirekodi yote. Tofauti iko kwenye kile anachoweza kufanya nayo baadaye.

Kwenye WPA2, nenosiri linachanganywa na jina la mtandao, linasagwa mizunguko 4096, na kinachotoka ndicho ufunguo mkuu. Kisha rauta na simu zinatumiana namba mbili za bahati nasibu, wazi kabisa, na simu inatuma muhuri uliopigwa kwa ufunguo uliotokana na vyote hivyo. Sasa jiweke kwenye nafasi ya aliyerekodi. Jina la mtandao analo, namba zote mbili anazo, anwani za vifaa anazo, muhuri anao. Kilichobaki ni nenosiri tu. Anabahatisha moja, anapiga hesabu, analinganisha muhuri. Haukufanana, anakwenda kwenye lingine. Rauta yako haijui lolote, unaweza hata kuwa umeizima.

WPA3 inatanguliza hatua inayoitwa SAE. Nenosiri linageuzwa kuwa nukta kwenye mkunjo wa kihesabu, kila upande unachagua namba zake za siri ambazo hazitumwi kamwe, halafu zinabadilishana matokeo. Aliyerekodi akichukua matokeo hayo na kuyapima, kila nenosiri analobahatisha linaonekana linawezekana. Hana muhuri wa kumwambia ndiyo au siyo. Akitaka kupima, lazima aje mwenyewe aongee na rauta, na kila maongezi yanampa jaribio moja tu. Handisheki ya zamani inafuata baadaye, ila ufunguo wake umetokana na zile namba za siri, kwa hiyo kuubahatisha ni kazi bure.

Sasa nijibu wewe. Alirekodi lini, kabla au baada ya rauta mpya? Na nenosiri ulibadili?

Bibi_Nyaya: Mimi nilipoweka WPA3 kamera ya mlangoni ikakataa kabisa kuunganika. Siku tatu nahangaika, nikairudisha WPA2 na sijagusa tena. Kuna mtu anajua kamera inayokubali?

Mti_Mkavu: Alirekodi kabla na baada, kwa maneno yake. Nenosiri sikubadili, maana familia nzima na wageni wanalijua, kuanza kuzungukia kila kifaa ni usumbufu. Lakini si nimeweka WPA3? Nenosiri lenyewe si linalindwa?

Fundi_Antena: Lina herufi ngapi?

Mti_Mkavu: Ni tarakimu 8. Tarehe ya kumbukumbu ya familia, siyo namba rahisi.

Fundi_Antena: Tupige hesabu pamoja. Tarakimu 8 ni michanganyiko milioni 100. Kadi nzuri ya grafiki inajaribu zaidi ya milioni 1 kwa sekunde kwenye handisheki ya WPA2, kwa hiyo ile rekodi ya zamani inamalizika ndani ya dakika 2. Akijua ni tarehe, haifiki hata sekunde moja. Akishalipata, anakuja kwenye WPA3 yako na kuingia mlango wa mbele kama mgeni wako. SAE inalinda nenosiri lisibahatishwe kutokana na rekodi za SAE. Haiwezi kulifanya siri tena likishavuja kupitia WPA2.

Lingekuwa halijawahi kutumika kwenye WPA2, tuseme rauta inamkubalia majaribio 10 kwa sekunde: milioni 100 zingemla siku zaidi ya 115, tena akiwa hewani muda wote. Kwa tarehe, hata hivyo, ni saa chache tu.

Swali la mwisho. Kwenye rauta palipoandikwa usalama, umechagua nini? Soma neno kwa neno.

Mti_Mkavu: `WPA2/WPA3-Personal`. Printa yangu haijui WPA3. Lakini simu zetu zote ni mpya.

Kobe_Mpole: Kumbe!

Fundi_Antena: Basi printa inapeana handisheki ya zamani kwa nenosiri lilelile. Na hata ungeizima, anaweza kuwasha mtandao bandia wenye jina lako, wa WPA2 tupu. Simu iliyohifadhi mtandao wako kwa hali ya mchanganyiko inaweza kukubali, ikatuma muhuri wa WPA2, na muhuri huo mmoja unamtosha. Udhaifu huu ulionyeshwa mwaka 2019 na Mathy Vanhoef na Eyal Ronen katika utafiti wao wa Dragonblood.

Mti_Mkavu: Lakini printa naihitaji. Na kijana alinitumia faili lenyewe, naona lina handisheki za simu ya mke wangu pia.

Mpekuzi_7: Subirini kidogo. Nani anamrekodi jirani halafu anampelekea faili? Mara ya kwanza uliambiwa kwa mdomo, sasa faili unalo wewe. Mimi naona mwenye kurekodi ni wewe, na waifai ni ya jirani. Unataka kujua kama faili lako linavunjika.

Shangazi_Zuhura: Hata mimi nilianza kujiuliza.

Mti_Mkavu: Jamani, sina sababu ya kudanganya. Alinitumia kunionyesha ubingwa wake. Niambieni nifanye nini kuthibitisha.

Fundi_Antena: Ukweli wa kisa siwezi kuujua. Kilichomo kwenye faili kinaonekana, na hakimsaidii mtu kuvunja chochote. Lifungue kwa Wireshark, weka kichujio hiki:

```
wlan.fixed.auth.alg == 3
```

Hapo unabakiza vifaa vilivyotumia SAE. Kifaa cha WPA2 hakitaonekana kwa sababu hatua hiyo kwake ni namba 0. Niambie umeona nini.

Mti_Mkavu: Simu ya mke wangu ipo, mistari 4. Printa haimo. Nikitoa kichujio, printa ipo na handisheki yake kamili.

Fundi_Antena: Basi handisheki ya simu haimfai kitu. Ya printa ndiyo inayokuuza. Weka nenosiri jipya refu la maneno ya nasibu kwenye WPA3 peke yake. Kwenye kila simu futa mtandao wa zamani uuongeze upya. Printa ipeleke kwenye mtandao wa wageni wa WPA2 wenye nenosiri lake tofauti, refu vilevile.

Mpekuzi_7: Bado sijaridhika na hilo faili.

Mti_Mkavu: Nimebadili, simu 3 zimeingia. Ila printa ikiwa upande wa wageni simu haziioni, na rauta hii haina sehemu ya kuruhusu pande mbili zionane. Nikiiunganisha kwa waya itaonekana?

Bibi_Nyaya: Na mimi nangoja jibu hilo, kamera yangu ina tundu la waya.