Kanisengenya ndani ya video ya kukataza kusengenya

Sweta_la_Mistari
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa mnisamehe.

Yule mnamjua. Wa kila ofisi. Anayeanza na "mimi si mtu wa maneno, ila...". Sasa siku hizi amekuwa mhubiri wa simu, anarekodi vivideo vya nasaha vya dakika moja. Juzi kaniomba nimshikie taa, eti anaigiza kitu kidogo cha kazini kuhusu usengenyaji. Nikashika. Nikatoka kwenda kupokea simu, sikuona walichorekodi.

Leo asubuhi video imetua kwenye grupu la ofisi. Wawili wamesimama kwenye printa, wanamteta mwenzao aliyesinzia kikaoni, bosi alipomwita jina akashtuka akaitika "Amiin!"

Aliyesinzia ni mimi. Aliyeitika Amiin ni mimi. Watu kumi na moja walikuwepo na wote wako kwenye hilo grupu.

Na hakusimulia tu, KAIGIZA. Kavaa sweta la mistari. Kaning'iniza mdomo. Macho kayageuza kama samaki wa juzi. Halafu "Amiiiiin", kwa sauti yangu, na kile kikohozi changu cha mwisho! Mwenzake anamjibu, "Eti mtoto alikuwa anaumwa," na vidole viwili hewani. Habari ya mtoto nilimwambia yeye peke yake, kwenye ngazi, sauti ya chini.

Baada ya hapo skrini nyeusi, maandishi meupe: "Wala msisengenyane. Je, mmoja wenu anapenda kuila nyama ya nduguye aliyekufa?" Jamani, nyama yenyewe ni mimi! Kanila, kapangusa mdomo, kasoma aya!

Ile Amiin. Siwezi kuisahau ile Amiin.

Kiti_cha_Dirishani
Pole mkuu. Weka video tuone ukubwa wa tatizo.

Sweta_la_Mistari
Siweki.

Mzee_wa_Mafaili
Tulia kijana. Hajakutaja jina. Bila jina hakuna ghiba, hiyo ni nasaha ya jumla. Na isitoshe ni kweli ulisinzia. Ghiba ni uongo. Ukisema la kweli umetoa taarifa tu.

Bint_Chuoni
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umekosea mara mbili.

La ukweli, Mtume aliulizwa swali lilelile: je, kama ninalolisema ndugu yangu analo kweli? Akajibu, kama analo umemsengenya, kama hana umemzulia. Imo kwenye Sahihi Muslim. Kwa hiyo ukweli haumtoi mtu kwenye ghiba, ndio unaomwingiza. Uongo una mlango wake mwingine, na ni mbaya zaidi.

La jina, Imamu Nawawi kalizungumza kwenye Al-Adhkar. Ukisema "kuna mtu fulani" na wanaokusikiliza wanamjua ni nani, umeshamsengenya. Ulimi si sharti pia. Kuiga mwendo wa mtu, kuchechemea kama anavyochechemea, kukonyeza, vyote vinaingia. Bi Aisha aliwahi kugusia tu ufupi wa Bi Safiyya, akaambiwa amesema neno ambalo lingechanganywa na maji ya bahari lingeyaharibu. Sasa pima kuning'iniza mdomo na kukohoa.

Sweta_la_Mistari
NA KUKOHOA! Asante dada. Umeona mwenyewe. Na kukohoa!

Mzee_wa_Mafaili
Marahaba binti. Ya jina nimekubali. Lakini aya ya kusengenya mbona ni ya 11?

Bint_Chuoni
Ni ya 12, Suratul Hujurat. Ya 11 inakataza dhihaka na kuitana majina ya kejeli. Umekosea namba ila umepatia kwa bahati, maana video hiyo imezivunja zote mbili.

Fundi_Picha
Mimi kazi yangu ni kurekodi na kukata video, dini nawaachia wenyewe. Sweta, ilikuwa sekunde ngapi?

Sweta_la_Mistari
58. Nimeihesabu. Nimeiangalia mara kumi na nne.

Kiti_cha_Dirishani
Mara 14! Wewe ndiye mtazamaji wake mkubwa.

Fundi_Picha
Na aya ilikaa sekunde ngapi?

Sweta_la_Mistari
Nne. Hata kuimaliza kuisoma huwezi. Ile Amiin imekaa sita, na kairudia taratibu.

Fundi_Picha
Basi ugonjwa uko hapo. Kamlisha mtazamaji utamu wa umbea karibu dakika nzima, aya imekuja kama risiti. Watu wanaondoka na Amiin.

Niliwahi kutengenezewa andiko la namna hiyo nikalikataa, tukaligeuza. Yule mmoja anainama, "umesikia ya...", na hapohapo unaikata sauti. Kamera inaenda kwenye uso wa anayesikiliza, unaona anavyoanza kutabasamu. Halafu unaonyesha kiti cha yule asiyekuwepo, koti liko mgongoni mwa kiti, simu yake inaita mezani, hakuna wa kuipokea. Hapo ndipo aya inaingia, na unaiacha mpaka mtu wa kusoma polepole aimalize. Mtazamaji hajui kilichosemwa, hawezi kukichukua akaenda nacho. Ukimpa kisa chenyewe, umeshamfanya wa tatu kwenye printa.

Bint_Chuoni
Kiti kitupu umepatia kuliko unavyodhani. Wafasiri wanaeleza kwamba maiti katajwa kwa sababu asiyekuwepo hawezi kujitetea, kama maiti asivyojua kwamba anakatwa.

Kiti_cha_Dirishani
Swali la kichokozi. Huu uzi je? Sisi hapa hatuli nyama?

Bint_Chuoni
Nilikuwa naogopa kuliuliza. Aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kusema, ila kwa mtu anayeweza kumrudishia haki yake, kama bosi au kadhi. Sisi tunaweza kumrudishia nini? Na "kama samaki wa juzi" haikuwa lazima.

Sweta_la_Mistari
Yale macho yalikuwa YANGU. Nimejisengenya mwenyewe.

Mzee_wa_Mafaili
Amtake radhi yaishe.

Bint_Chuoni
Hapo wanavyuoni wenyewe wametofautiana. Wapo wanaosema lazima umwendee uliyemsengenya. Wapo wanaosema kama hajajua usimchome upya, mwombee dua na umtaje kwa wema palepale ulipomteta. Huyu ameshajua, hata taa aliishika mwenyewe, kwa hiyo radhi haikwepeki. Ila video ikishasambazwa, sijui ataifuata simu ya nani na nani.

Ndimi_Mbili
Mnalia na Amiin? Kwetu kuna mtu anachukua stepla. Si kuazima, KUCHUKUA. Nimeandika jina kwa wino mwekundu, likafutwa na spiriti.

Kiti_cha_Dirishani
Stepla?! Wewe ndiye wa kuonewa huruma. Mimi niliifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza. Uzi nimeukuta.

Mzee_wa_Mafaili
Miaka yote ya kazi sijawahi kustaafisha stepla. Zote huondoka zikiwa kijana.

Fundi_Picha
Ya rangi gani, Ndimi? Kuna mtu kwetu anazo tatu na hana karatasi.

Ndimi_Mbili
Ya bluu, imevunjika kona ya mbele.

Sweta_la_Mistari
Hata mimi yangu ya bluu ilipotea mwezi uliopita. Subirini kidogo.

Sweta_la_Mistari
Nimeirudia video, ya kumi na tano. Sekunde ya 31, nyuma ya bega lake, mezani kwake. NI YANGU.