Mrejesho: kitabu cha akiba cha mama

"Kitabu cha mama hakijaprintiwa miaka miwili, leo kimetoa mstari mmoja tu, kutoa 86,000, na mama anaapa hajatoa hela hiyo."

Wakuu nimerudi, hakuna aliyeiba. Ukikaa muda mrefu bila kuprinti kitabu, sistimu ya benki inajumlisha miamala yote inaprinti tofauti tu, kwa hiyo niliomba steitimenti kuanzia siku ya mstari wa mwisho wa kitabu, salio la kuanzia likalingana, 640,000. Humo mama kaweka 300,000, katoa 200,000 na 150,000, halafu makato ya mwezi 1,500 mara 24, yaani 36,000. Toa uongeze unapata 86,000 kamili, salio 554,000. Hayo makato ndo yaliniuma, mama hakuwahi kuyajua kabisa.