Eti nimlete mwanangu anisomee tarehe! Gunia la ngano limenidhalilisha leo

Mama Chapati Moto (mwenye uzi)
Wakuu, nimetoka dukani sasa hivi, mikono inatetemeka mpaka naandika kwa kidole kimoja. Yule jamaa wa duka la jumla karibu na stendi, mnamjua wote, yule wa kalamu sikioni, kaniambia mbele za watu: "Mama, kama hujui kusoma mlete mwanao akusomee." Mimi! Foleni ilifika barabarani na wote wakacheka. Bodaboda alizima pikipiki ili asikie vizuri.

Kisa ni gunia la ngano la kilo 25. Leo ni tarehe 14 Juni. Kwenye gunia wamepiga kwa vile vitone vya wino: EXP 1, halafu kitu, halafu /06/26. Hicho kitu si namba, ni mabaki ya namba. Kina kofia juu, vitone viwili kushoto na viwili kulia, pengo, tena viwili kushoto na viwili kulia, kisha kitako. Mimi nimesoma 10, maana yake ngano imeshapitiliza siku nne. Yeye akasema ni 18, wala hakuinama kutazama. Nikamwambia baba, hebu sogea hapa kwenye mwanga. Ndipo akanitolea hilo la mwanangu.

Nikatafuta tarehe ya kutengenezwa nihesabu mwenyewe. MFG 1, kitu kilekile, /12/25. Mgonjwa yuleyule! Mteja wangu akiumwa tumbo hataulizia vitone, atasema ni chapati za mama fulani. Nimlete mwanangu anisomee! Mwanangu yuko darasa la pili!

Kipara Ng'aa
Pole mama, ila miwani ipo. Mimi nilinunua, sasa naona hadi madeni.

Mama Chapati Moto
Kipara, uzi wa mikono nautunga kwenye sindano bila kuwasha taa. Usinichafulie uzi.

Mzee wa Vipimo
Dada, hili ni jepesi, usisumbuke. Mwezi wa sita umeandikwa 06, na hiyo herufi ya kwanza ya mwezi lazima ni sifuri, hakuna mwezi wa 86. Linganisha hicho kitu na hiyo sifuri. Vikifanana, basi ni tarehe 10 na jamaa anakuuzia ngano iliyokwisha muda.

Mama Chapati Moto
Nimelinganisha. Vinafanana kama kulwa na doto! Nilijua! Halafu mtu ananiambia nimlete mwanangu!

Tundu la Saba
Mama, tulia kwanza. Nimefanya kazi kwenye laini ya kufungasha unga, naomba uniangalizie kitu kimoja. Ile E ya EXP ina ulimi wa katikati?

Mama Chapati Moto
Haina. Imebaki kama mabano yaliyovunjika mgongo. Na P haijafunga tumbo.

Tundu la Saba
Basi Mzee wa Vipimo kakupoteza. Vichwa vingi vya kupigia tarehe kwenye magunia na makatoni vina matundu saba yaliyopangwa wima. Gunia linapita mbele yake na kila tundu linachora mstari wake wa vitone. Laini ikisimama, wino unakaukia mdomoni mwa tundu, na kwenye unga vumbi nalo linasaidia kuziba. Tundu la nne likiziba, mstari wa katikati unapotea kwenye herufi zote, kuanzia E mpaka namba ya mwisho.

Sasa chora nane kwa vitone, safu saba kwenda chini, halafu futa safu ya nne. Chora sifuri, futa safu ileile. Utapata kitu kimoja, kitone kwa kitone, kwa sababu kiuno ndicho kinachoitofautisha nane na sifuri, na kiuno kiko safu ya nne. Kwa hiyo kufanana na sifuri ya mwezi hakuthibitishi chochote. Hata kama ilikuwa nane, leo ingefanana na sifuri.

Mzee wa Vipimo
Nimekuelewa, lakini hoja yangu ingesimama kama kichwa kingekuwa kizima.

Tundu la Saba
Kichwa kingekuwa kizima mama asingefungua uzi.

Dogo wa Simu
Mimi huwa napiga picha, naitia ukungu kidogo halafu naikoleza weusi. Vitone vinaungana na simu inasoma vizuri. Au rudi nyuma hatua tatu ukodoe macho.

Tundu la Saba
Hiyo inafaa pale vitone vyote vipo ila vimeachana, kama mkanda unakimbia kuliko mashine ilivyopangiwa na namba zikavutika. Safu ikishapotea, ukungu hauwezi kurudisha wino ambao haukutoka. Mama, chini ya tarehe hakuna namba ya toleo? Mara nyingi inaanza na L au B.

Bi Mkasi
Nyie mna raha ya kuona wino. Vidonge vya presha vya mama yangu tarehe imegandamizwa kwenye karatasi la fedha bila wino kabisa, tena ukingoni. Ukikata vidonge viwili vya kwanza tarehe imeondoka navyo. Nimlalamikie nani?

Saruji Baridi
Mimi mfuko wa saruji uligandia dukani tarehe ikiwa safi kabisa. Tarehe si kitu, muhimu ni stoo.

Mtoto wa Tandale
Ngano ina wadudu? Chekecha uanike juani, mama.

Mama Chapati Moto
Sijasema wadudu! Nimesema nimedhalilishwa! Tundu la Saba, ipo L, halafu 3, halafu kama 5, kisha mshono wa gunia umefunika inayofuata. Tano ina kofia bapa na shavu linashuka kushoto.

Tundu la Saba
Kama kiwanda hicho kinahesabu siku za mwaka, Desemba 10 ni siku ya 344 na Desemba 18 ni siku ya 352. Nne haina kofia bapa hata ukiikata safu. Kwa hiyo ni 35 na kitu, ngano ilisagwa tarehe 18, na ina siku nne mbele. Ila viwanda vingine huanza na namba ya laini au zamu. Fumua mshono uone ya tatu. Ikiwa 2, nitaamini.

Kipara Ng'aa
Kwa hiyo muuzaji alikuwa sahihi! Mlete mtoto!

Mama Chapati Moto
Hata ikiwa 18, hakuisoma, alibahatisha! Hakuinama! Mshono siufumui, gunia narudisha lilivyo. Na kiwanda je? Kupiga sifuri yenye mkwaju ndani kunagharimu nini? Kuandika JUN kungewaua?

Tundu la Saba
Mkwaju ungekuokoa, JUN isingesaidia, ugomvi wako uko kwenye siku. Zaidi, mtu wa zamu angefuta kichwa kwa kiyeyusho kila laini inaposimama. Sisi tulikuwa tunaona mstari mweupe, msimamizi anasema malizeni oda.

Wakili wa Mtaa
Peleka TFDA.

Bi Mkasi
Chakula kilihamia TBS tangu 2019, wakili. Na vidonge vyangu vya kukata je?

Saruji Baridi
Vidonge subiri. Kuna mtu amewahi kurudisha saruji iliyoganda akarudishiwa pesa?

Mtoto wa Tandale
Mimi nilirudisha nondo. Nilipewa soda.

Saruji Baridi
Soda ya tarehe gani?