Ujumbe wa kukumbusha wateja kuchukua dawa: nimkumbushe mtu bila kumfokea?

Karani_Kisumu: Hamjambo wadau. Niko kwenye kliniki ya dawa za kila siku, wateja wetu wengi ni wa ARV. Ujumbe tunaotuma ni huu: "Umekosa kliniki. Usipokunywa dawa utaugua. Fika mara moja." Wiki jana baba mmoja alikuja amekasirika, kadi mkononi: alichukua dawa Ahero alipokwenda mazishini, sisi hatukuwa na habari. Mama mwingine, mumewe ndiye aliyeusoma. Sasa hashiki simu zangu. Nisaidieni maneno.

MzeeWaKondele: Tuma kila siku asubuhi, watazoea.

Dada_Famasi: Mzee, kukumbusha ni sawa, ila si kila siku. Hapo Chulaimbo walijaribu, matokeo yakatoka 2011: waliotumiwa mara moja kwa wiki, 53% walifikisha kiwango kizuri cha kumeza dawa, na wasiotumiwa chochote 40%. Wa kila siku hawakuonyesha tofauti ya maana.

Karani, kosa lako la kwanza ni kungoja mtu akose. Chukua aliyepewa vidonge 90 na kuanza tarehe 3 Machi: cha mwisho anameza 31 Mei. Mpe miadi Alhamisi 28 Mei, abaki na akiba ya siku tatu. Ujumbe uende tarehe 21, halafu 27:

"Habari, ni Akinyi. Tunakutarajia Alhamisi 28 Mei, kuanzia saa 2 asubuhi. Siku hiyo ikiwa ngumu, jibu SHIDA tupange nyingine. Ukiweza, jibu SAWA."

Hakuna dawa, hakuna kliniki, na haijafika herufi 160. Ukiweka kile kiuso cha kucheka, nafasi inashuka hadi 70 na unalipia ujumbe mara tatu. Angalia pia jina la mtumaji: likisomeka jina la kliniki, umeshamtangaza kabla hajaufungua.

Nyar_Ahero: Mimi ni wa presha. Ikishuka ikawa sawa, naweza kupumzika dawa kidogo?

Dada_Famasi: Imeshuka kwa sababu unameza, mama. Usiache kabla ya kumwona daktari wako.

Karani_Kisumu: Na aliyekosa kweli?

Mshauri_Rika: Mimi natumia dawa mwaka wa 12 sasa. Neno "umekosa" linanirudisha shule, nimesimama mbele ya mwalimu. Andika "Hatukukuona Alhamisi, tunatumaini uko salama. Kama ulihudumiwa kwingine, tuambie turekebishe kwetu." Yule baba wa Ahero angejibu kwa upole tu. Na muulize kila mtu siku ya kwanza: simu ni yako peke yako? Tukuite kwa jina gani? Wengine watakataa ujumbe kabisa, uwaache.

Karani_Kisumu: Nimeelewa. Lakini zetu zinatumwa na mtambo, ukijibu haziendi popote. Nikitumia simu ya kawaida, wengi hawana kredo ya kujibu.

Mshauri_Rika: Kwetu wanaflashi, tunawapigia sisi.

Karani_Kisumu: Kwa kredo ya nani? Ya Januari nililipa mwenyewe.