Mrejesho: Muhuri wa sekretariati kwenye barua ya likizo

Niliuliza: "Sekretariati wamegonga muhuri kwenye barua yangu ya likizo. Naweza kuondoka?"

Asanteni wandugu, jibu ni hapana. Mlionionya mlikuwa na haki. Muhuri ule, pamoja na tarehe, namba ya rejista na sahihi ya mpokeaji, unathibitisha kwamba barua imefika tu. Kukubaliwa ni karatasi nyingine.

Kwa hiyo nilimwandikia mkuu wa wafanyakazi imeili nikitaja namba ile ya rejista, tarehe ya kuanza na ya kurudi, na nikaomba anijibu kwa maandishi. Akajibu: "Imekubaliwa, kuanzia tarehe 4 hadi 22." Tarehe zimo ndani ya jibu lenyewe, na hilo ndilo lililoniokoa. Niliporudi kazini hapa Lubumbashi, mhasibu alikuwa ameandika kwamba nilitoroka kazi na anataka kukata mshahara. Nikamwonyesha kopi yenye muhuri na jibu lililochapishwa. Akarekebisha palepale.

Imeili ile nilikuwa nimeituma pia kwenye anwani yangu binafsi kabla ya kuondoka, maana ya kazini wanaweza kuifunga wakati wowote. Kopi ya barua iko nyumbani, na mezani ofisini sikuacha kitu.