Naomba ushauri: chambo kinachowasha jeni peke yake

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Niko Mbeya, nachunguza protini ya maharage kwa kutumia hamira. Protini hiyo ndiyo chambo changu; nimekiunganisha na kipande cha Gal4, protini ya hamira inayowasha jeni, kile kinachoshika DNA, na protini za mawindo, ambazo huenda zikashikana nacho, zimeunganishwa na kipande kinachowasha jeni. Chambo na windo vikishikana, vipande hivyo viwili hukutana mbele ya jeni ya kiashiria HIS3, nayo huamka na kuiwezesha hamira kujitengenezea histidini, hivyo hamira huota kwenye sahani isiyo na histidini.

Nilifurahia makoloni mengi hadi nilipopanda, kwa kuchelewa nakiri, chambo pamoja na plasmidi tupu ya windo: yakaota siku ya 3 vilevile. Maana yake chambo kinaiwasha jeni chenyewe, pengine kwa sababu mkia wake umejaa asidi za amino zenye chaji hasi. Aminotriazoli ya milimola 5, inayozuia kimeng'enya cha HIS3, imepunguza ukubwa wa makoloni tu. Je, niongeze hadi milimola 30, nikihatarisha kupoteza mishikano dhaifu iliyo ya kweli, au niukate kwanza mkia huo, kisha nirudie kipimo cha plasmidi tupu?