Mrejesho: bili ya gereji iliyozidi makubaliano

Niliuliza: "Tulikubaliana klachi ya IST yangu kwa 420,000, spea na ufundi. Bili imekuja 825,000, ina kazi ambazo sikuagiza. Nifanyeje?"

Ndugu zangu, gari nimelichukua. Nilifuata ushauri wa kuomba bili iliyochanganuliwa na spea za zamani kabla ya kulipa chochote. Nyongeza zilikuwa tatu: shokamzoba za mbele 260,000, breki 110,000 na sili ya injini 35,000.

Breki ndiyo iliyoniuma. Niliomba tairi lifunguliwe mbele yangu, na pedi zikakutwa zimeisha vilevile, kalipa imeganda vumbi, bolti hazina alama ya spana. Mwenye gereji akaifuta bila ubishi. Shokamzoba zilikuwa mpya kweli, lakini nilimwonyesha ujumbe wake wa WhatsApp unaotaja klachi tu. Akasema hawezi kuachia gari. Nikamjibu kwamba ya klachi ninayo mkononi na ninailipa sasa hivi, na kwamba haki yake ya kushikilia gari ni kwa kazi niliyoagiza. Mwishowe alizifungua, akarudisha zangu za zamani.

Ya sili nimeilipa. Hakuniuliza, na alipaswa kupiga simu, ila sili ile inafikiwa gia boksi ikiwa chini, kama ilivyoshushwa kwa kazi ya klachi, nayo ya zamani ilikuwa imepasuka. Ingevuja, ingelowesha pleti mpya ya klachi.

Jumla nimetoa 455,000, na risiti inataja kila kazi.